Kutoka simu ya daktari hadi karatasi ya bandani: kufupisha mashauri ya mifugo yaliyorekodiwa

Daktari wa mifugo akizungumza kwenye simu hufuata njia ya mawazo yake. Anauliza, anakisia, anatoa kipimo, anasikia jambo jipya, anakibadilisha, anarudi nyuma kukataza alichoulizwa dakika tatu zilizopita. Mfugaji aliyeinama chini ya ng'ombe alfajiri anahitaji kitu kingine kabisa: nifanye nini sasa hivi, kiasi gani, chuchu ipi, na nikiona nini nipige simu tena. Mwongozo huu ni kwa yule anayekaa katikati na rekodi mkononi, awe kijana wa nyumbani, karani wa ushirika wa maziwa au jirani mwenye mwandiko mzuri.

Nimechagua ugonjwa wa kiwele kuwa mfano, kwa sababu hapo sehemu kubwa ya matibabu hufanywa na mfugaji mwenyewe kwa mikono yake, na kosa la muhtasari huishia kwenye kikombe cha mtu. Ng'ombe wetu ni chotara wa Friziani kwenye miteremko ya Mlima Meru, amezaa wiki tatu zilizopita. Mwenyewe tumwite Mama Upendo. Sehemu moja ya kiwele imevimba na ina joto, maziwa yake yanatoka na mabonge, lakini ng'ombe bado anakula. Simu imepigwa Jumatatu saa kumi alasiri. Vipimo vya dawa utakavyoviona humu ni vya ng'ombe huyu na vya maboksi yaliyokuwa mezani siku hiyo. Usivihamishie kwa ng'ombe wako.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi

Mwombe daktari ruhusa, na ruhusa yenyewe iingie kwenye rekodi. Kwa Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, daktari anayejua anarekodiwa huongea kwa utaratibu zaidi na hurudia vipimo. Baadhi ya simu hazirekodi maongezi zenyewe. Weka sauti ya nje, rekodi kwa simu ya pili, na ukae mbali na redio na jogoo.

Mezani pawe na maboksi ya dawa zote zilizopo nyumbani, hata zile kuukuu, na mkanda wa kupimia uzito kama mnaweza kuuazima. Sehemu kubwa ya mkanganyiko unaokuja baadaye hutokana na daktari kuzungumzia dawa ambayo hakuna aliyeisoma jina lake kwa sauti.

Sikiliza mara mbili, kwa masikio tofauti

Mara ya kwanza sikiliza rekodi yote bila kuandika neno. Hapa unatafuta jambo moja tu: mazungumzo yaliishia wapi. Daktari mwishoni aliamini ni ugonjwa gani, na ni nani atafanya nini. Ukianza kuandika tangu dakika ya kwanza utajaza karatasi kwa maagizo ambayo dakika ya nane yamekwishakufa.

Mara ya pili simamisha rekodi kila daktari anapotamka jambo la kufanya, la kutofanya au la kuangalia. Liandike neno kwa neno, na pembeni uandike dakika. Kisha weka herufi: A kwa agizo, H kwa hadhari, S kwa jambo lisilo wazi linalohitaji kuulizwa, na X kwa agizo lililokuja kufutwa. Maneno ya mfugaji usiyape herufi. Yaandike upande wa pili wa karatasi, maana hayo ni habari za ng'ombe, siyo tiba. Nimeona muhtasari ulioandikwa "apewe magadi" kumbe magadi ni wazo la mfugaji ambalo daktari alilijibu kwa kuguna tu.

Hivi ndivyo baadhi ya vipande vya simu ya Mama Upendo vilivyotoka. Tyubu inayotajwa ni ya dawa inayosukumwa ndani ya chuchu kupitia tundu lake, na OTC ni dawa ya vijidudu ya sindano:

0:05. Daktari: "Shikamoo mama. Naambiwa mnarekodi?" Mama: "Marahaba baba. Mjukuu wangu ndiye anarekodi, nisije nikasahau." Daktari: "Haina shida, ila ibaki hapo nyumbani."

3:10. Mama: "Ni chuchu ya nyuma, ya kushoto." Daktari: "Kushoto kwako au kwa ng'ombe?" Mama: "Nikikaa kumkamua iko mkono huu wa kushoto." Daktari: "Sawa." (S)

4:40. Daktari: "Ana kilo ngapi?" Mama: "Mia nne hivi." Daktari: "Basi sindano ya maumivu itakuwa mililita kumi." (A, baadaye X)

6:20. Mama: "Nina ile chupa ya OTC iliyobaki mwaka jana, nimchome?" Daktari: "Aaa, tuone kwanza." (S)

7:00. Daktari: "Tyubu moja leo jioni ukishamkamua, nyingine kesho asubuhi, nyingine kesho jioni. Tatu zinatosha. Maziwa usiuze siku tatu." (A, na S)

8:05. Mjukuu: "Daktari, mkanda unasema 360." Daktari: "Ahaa. Basi siyo kumi tena, ni tisa. Bwana mifugo atakuja kesho saa tatu asubuhi amchome yeye, mama usichome." (A)

9:30. Daktari: "Na hiyo chupa ya mwaka jana achana nayo kabisa." (A)

Agizo la mwisho ndilo agizo

Angalia kilichotokea kwenye sindano ya maumivu. Dawa iliyokuwa mezani ni meloksikamu, yenye miligramu 20 kwa kila mililita moja, na kipimo chake kwa ng'ombe ni mililita 2.5 kwa kila kilo 100. Kwa kilo 400 inakuwa mililita 10, kwa kilo 360 inakuwa mililita 9. Daktari hakukosea mahali popote. Alipewa uzito wa kukadiria, akatoa jibu la kukadiria, kisha alipopata uzito wa mkanda akasahihisha. Ila mtu aliyesikiliza nusu ya rekodi ataandika kumi kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo kila namba uliyoandika ifuate hadi mwisho wa rekodi uone kama inatajwa tena. Ikitajwa tofauti, ya mwisho ndiyo inayoingia kwenye muhtasari, na ile ya kwanza haiingii kabisa, hata kwa kukatwa mstari. Ukiandika "10, yaani 9", saa tatu asubuhi mvua ikinyesha kuna mtu atasoma kumi.

Agizo lililofutwa lina ndugu yake, ambaye ni "tuone". Daktari akisema tuone, labda, au tutaangalia, hajaagiza. Usiligeuze kuwa ndiyo wala hapana. Kwenye rekodi hii jibu lilikuja lenyewe dakika ya 9:30, na lisingekuja ingebidi kuuliza. Hilo la chupa ya OTC linastahili mstari wake kwenye muhtasari, kwa sababu chupa bado ipo kabatini na usiku wa wasiwasi mkono hauna subira.

Mambo ya kutafuta kwa kila dawa

Kila dawa iliyotajwa ichukue kipande chake cha karatasi, na uiulize maswali haya. Inaitwaje, kama ilivyoandikwa kwenye boksi? Nguvu yake ni kiasi gani? Anapewa kiasi gani kwa mara moja? Inapita wapi mwilini? Mara ya kwanza ni lini, ya mwisho ni lini, na ni mara ngapi kwa jumla? Nani anaitoa? Na maziwa na nyama yake ni salama kuanzia lini?

Nguvu ya dawa ndiyo inayosahaulika zaidi. Oksitetrasaiklini, ile inayoitwa OTC, inauzwa ya asilimia 10 na ya asilimia 20, na mililita moja ya hii ya pili imebeba dawa mara mbili ya hiyo ya kwanza. Ukiandika "OTC mililita fulani" bila asilimia hujaandika kipimo. Na andika "mililita" kwa herufi zote. Kwenye rekodi utasikia watu wakisema "sisi", yaani cc, wakimaanisha mililita, na ni kitu kilekile, lakini kwenye karatasi kitu kimoja kiwe na jina moja.

"Mara tatu" nayo ni ya kuangaliwa. Inaweza kuwa tatu kwa siku au tatu kwa jumla. Kwenye simu yetu daktari alizitaja moja moja kisha akasema "tatu zinatosha", kwa hiyo ni tatu kwa jumla.

Mashimo: usiyazibe mwenyewe

Sasa chukua kila S uliyoiweka. Hapa ndipo mwandishi mzuri hupimwa, maana kila shimo lina jibu linaloonekana dhahiri, na wewe ndiye usiyetakiwa kulitoa.

Shimo la kwanza ni chuchu. Mama Upendo hukaa upande wa kulia wa ng'ombe akikamua. Ukikaa hapo ukimtazama ubavu, kichwa chake kiko mkono wako wa kulia na mkia uko mkono wa kushoto. Kwa hiyo "mkono huu wa kushoto" unaweza kumaanisha tu kwamba chuchu iko upande wa nyuma. Haisemi ni ya upande gani wa ng'ombe. Bwana mifugo naye atasimama nyuma ya ng'ombe akitazama kichwa kilipo, na kwake kushoto ni kwingine. Shimo hili halihitaji hata daktari. Mwambie mfugaji asimame nyuma ya ng'ombe, atazame mbele kama ng'ombe anavyotazama, kisha aonyeshe kwa mkono. Mama alifanya hivyo, ikaonekana ni nyuma kulia. Andika hivyo kila mahali, na mfugaji afunge kitambaa kwenye mguu wa nyuma wa upande huo, kwa sababu uvimbe ukipungua si rahisi kukumbuka.

Shimo la pili ni "usiuze siku tatu". Siku tatu kuanzia lini? Kuanzia simu? Kuanzia tyubu ya kwanza? Ya mwisho? Tofauti kati ya majibu hayo ni zaidi ya siku nzima. Na je, ni maziwa ya chuchu ile tu au ya ng'ombe mzima? La tatu limejificha zaidi kwa sababu halikutamkwa kabisa: sindano ya maumivu ina muda wake wa kusubiri, na daktari hakuutaja. Utaligundua tu kwa sababu kile kipande cha karatasi cha dawa ya pili kina swali lisilo na jibu.

Mpigie daktari mara moja, ukiwa na maswali yote kwa pamoja, mafupi, yanayojibika. "Daktari samahani, ni yule mjukuu wa Mama Upendo. Siku tatu za maziwa zinahesabiwa kuanzia tyubu ya mwisho?" Alijibu ndiyo, saa 72 kamili baada ya tyubu ya mwisho kama boksi linavyosema, na ni maziwa ya chuchu zote nne, kwa sababu dawa huingia kwenye damu na kuzunguka. Kuhusu sindano alisema boksi la meloksikamu linataka siku 5 kwa maziwa na siku 15 kwa nyama. Simu hii nayo irekodi.

Kugeuza kuwa saa na siku

Mfugaji hahesabu saa 72. Anahesabu makamuo. Hesabu uifanye wewe, na karatasini uandike siku na kamuo.

Kwanza andika saa za ukutani, siyo muda kati ya dozi na dozi. Ukiandika "kila baada ya saa kumi na mbili", atakayesomewa kwa haraka atasikia saa kumi na mbili ya asubuhi, na akiwa ameanza saa mbili usiku ratiba imekwishapinda. Andika siku, saa na sehemu ya siku: Jumatatu saa 12 jioni, Jumanne saa 12 asubuhi, Jumanne saa 12 jioni. Neno "usiku wa Jumanne" liepuke kabisa, kwa kuwa wengine huuita hivyo ule wa kuamkia Jumanne.

Kisha maziwa. Tyubu ya mwisho ni Jumanne saa 12 jioni. Ongeza saa 72, unafika Ijumaa saa 12 jioni. Sindano ni Jumanne saa 3 asubuhi. Ongeza siku 5, unafika Jumapili saa 3 asubuhi. Dawa mbili zikigongana, muda mrefu ndio unaotawala. Kamuo la Jumapili asubuhi hufanyika saa 12, saa tatu kabla ya muda kwisha, kwa hiyo nalo linamwagwa. Kamuo la kwanza linaloweza kuuzwa au kunywewa ni la Jumapili jioni, endapo maziwa yameshakuwa ya kawaida.

Linganisha na masikio ya mtu aliyesikia tu "siku tatu" Jumatatu alasiri. Huyo angepeleka maziwa kituoni Alhamisi jioni. Dawa ya vijidudu iliyobaki kwenye maziwa huua pia bakteria wa kugandisha, na lita chache za mfugaji mmoja zinaweza kuharibu mtindi wa tangi zima, achilia mbali mtoto mwenye mzio wa penisilini. Ratiba ikibadilika, tuseme bwana mifugo amechelewa akafika saa nane mchana, hesabu inabadilika nayo. Acha nafasi karatasini ya kuandika saa halisi dawa ilipotolewa.

Dalili za hatari: tenganisha uharaka

Daktari hutaja dalili zikiwa zimetawanyika kwenye simu nzima, nyingine ndani ya maswali. Anapouliza "masikio yake ni ya baridi?" anakuonyesha anachokiogopa. Lakini swali si agizo. Mwishoni mwa simu muulize wazi, "Nikiona nini nikupigie hata usiku?", na majibu hayo ndiyo yanayoingia.

Usiandike dalili zote kwenye orodha moja. Mfugaji akikuta kiwele kigumu na masikio ya baridi mstari mmoja, ama atapiga simu kwa kila kitu ama hatapiga kabisa. Zigawe kwa uharaka, na kila dalili iwe kitu cha kuona, kushika au kupima. "Hali ikiwa mbaya" haisaidii mtu. "Hakugusa majani asubuhi" inasaidia. "Homa kali" iwe namba kama kuna kipimajoto: ng'ombe mzima huwa karibu na 38.5, na huyu daktari alisema apigiwe ikifika 40. Alisema pia jambo ambalo wengi hulipita, kwamba joto likishuka chini ya 38 huku ng'ombe amelegea, hiyo si nafuu. Sumu ya vijidudu inapoingia kwenye damu mwili unaweza kupoa.

Dalili moja ielezwe kwa maneno ya kutosha: sehemu ya kiwele iliyokuwa ya moto ikawa ya baridi, ngozi ikageuka buluu au nyeusi, na kinachotoka kikawa majimaji yenye damu na harufu. Hapo nyama ya kiwele inakufa, na ng'ombe mwenyewe anaweza kufa ndani ya muda mfupi. Mfugaji asiyeambiwa anaweza kushika, akaona joto limepungua, akafurahi.

Na iwepo sehemu ya mambo ya kawaida. Kiwele kinaweza kubaki kigumu siku kadhaa baada ya maziwa kusafika, na chuchu hiyo inaweza kutoa maziwa kidogo kwa kipindi chote cha ukamuaji. Mfugaji asipolijua hili atanunua tyubu nyingine dukani, na hapo hesabu yote ya maziwa inaanza upya bila yeye kujua.

Muhtasari wenyewe

Huu hapa kama ulivyobandikwa bandani kwa Mama Upendo. Herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, ndani ya mfuko wa nailoni.

NG'OMBE: Maua, mwekundu na mweupe, amezaa wiki tatu. Kilo 360 kwa mkanda. UGONJWA: kiwele, chuchu ya NYUMA KULIA (mguu wenye kitambaa). Simu ya Jumatatu saa 10 alasiri.

KILA UNAPOKAMUA
1. Nawa mikono kwa sabuni. Kamua kwanza chuchu tatu nzima, chuchu mgonjwa iwe ya mwisho.
2. Chuchu mgonjwa ikamue mpaka iishe, kwenye chombo chake. Mchana irudie kila baada ya saa nne hivi.
3. Maziwa yote ya Maua mwaga shimoni, mbali na banda. Usimpe ndama, mbwa wala paka. Ndama apewe maziwa ya ng'ombe mwingine.

TYUBU (moja kila mara, tatu tu)
Jumatatu saa 12 jioni ☐ saa halisi ......
Jumanne saa 12 asubuhi ☐ saa halisi ......
Jumanne saa 12 jioni ☐ saa halisi ......
Kamua kwanza. Futa tundu la chuchu kwa pamba yenye spiriti. Ingiza ncha ya tyubu kidogo tu, usiizamishe yote. Sukuma dawa yote, kisha sugua taratibu kuelekea juu. Chovya chuchu kwenye dawa ya aidini. Mpe majani asimame nusu saa, asilale chini tundu likiwa wazi.

SINDANO YA MAUMIVU: meloksikamu (miligramu 20 kwa mililita moja) mililita 9, mara moja tu, Jumanne saa 3 asubuhi. Anachoma bwana mifugo. Saa halisi ......

USIFANYE: usichome OTC ya mwaka jana. Usiongeze tyubu ya nne.

MAZIWA: chuchu zote nne, usiuze wala kunywa mpaka JUMAPILI JIONI. Jumapili asubuhi bado ni ya kumwaga. NYAMA: asichinjwe siku 15 tangu sindano.

PIGA SASA HIVI, hata usiku: haamki, hataki kula kabisa, masikio ya baridi na amelegea, joto 40 au zaidi, au chini ya 38 huku amelegea, kiwele kimekuwa cha baridi, buluu au cheusi, majimaji yenye damu au harufu mbaya, anaharisha maji, uso umevimba au anahema kwa shida baada ya dawa.

PIGA JUMATANO ASUBUHI: mabonge bado yapo baada ya tyubu ya tatu, au chuchu nyingine imeanza.

KAWAIDA: kiwele bado kigumu kidogo lakini anakula na maziwa yanasafika.

Huenda ukajiuliza mbona hakuna maelezo ya ugonjwa umetoka wapi. Daktari aliyatoa, karibu dakika mbili, kuhusu sakafu yenye unyevu na kitambaa kimoja cha kufutia ng'ombe wote. Ni maneno mazuri, nayo yaende karatasi nyingine ya kusomwa wiki ijayo. Kwenye hii yatachukua nafasi ya macho.

Kuisoma tena

Karatasi haijakamilika mpaka isomwe kwa watu wawili. Kwa daktari, isome au mtumie picha, na umwombe ajibu kwa maandishi kwamba ni sawa. Kwa mfugaji, usimwulize kama ameelewa, kwa kuwa kwa heshima atasema ndiyo. Mwambie akueleze yeye: "Bibi, kesho asubuhi unaanzaje?" Mama Upendo alipoulizwa hivyo alianza na tyubu kabla ya kukamua. Mstari wa "Kamua kwanza" ukapigiwa mstari mwekundu. Mfugaji asiyesoma mrekodie muhtasari kwa sauti yako, kila siku na sauti yake fupi, ili Jumanne asilazimike kusikiliza ya Jumatatu.

Kama unatuma kwa ujumbe wa kawaida wa simu, kumbuka ujumbe mmoja hubeba herufi 160. Dawa ziwe ujumbe mmoja, maziwa mwingine, dalili za hatari mwingine, na kila mmoja uanze kwa namba yake, 1/3, 2/3, 3/3, kwa sababu haziji lazima kwa mpangilio. Usiruhusu kipimo kikatike katikati ya jumbe mbili.

Kuna simu ambazo hazifupishwi kuwa tiba. Daktari akishuku kimeta, kwa mfano ng'ombe amekufa ghafla na damu inatoka puani na haigandi, karatasi inakuwa na mistari mitatu tu: usimchune, usile, zuia watu na mbwa mpaka afisa mifugo afike. Hata kama dakika za mwanzo daktari alikuwa akijadili dawa.

Jumatano asubuhi maziwa ya Maua yalikuwa bado na mabonge madogo. Mjukuu alipiga simu kwa sababu karatasi ilisema Jumatano asubuhi, na daktari akaagiza sampuli ya maziwa ichukuliwe kwenye chupa safi ipelekwe maabara kabla ya dawa nyingine yoyote. Hapo muhtasari wa Jumatatu uliondolewa ukutani, ukaandikwa mpya wenye tarehe mpya, na ule wa zamani ukawekwa pamoja na maboksi yaliyotumika, ili daktari atakayefuata ajue ni dawa gani tayari imejaribiwa.